Daftari la kukatika intaneti ninalo: nidai kupunguziwa bili kiasi gani?

MamaStesheni (Ligula, Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la stesheni hapa Ligula. Nachapa, natoa kopi, najazia watu fomu za ajira na za mkopo wa chuo. Intaneti ikikata, nusu ya kazi yangu imesimama. Natumia faiba ya bili ya mwezi, kifurushi cha biashara cha 120,000, kodi imo humo humo. Natumia kwanza, bili inakuja mwezi ukiisha.

Mwezi wa 6 ulikuwa mbaya, na kila ilipokata niliandika kwenye daftari. Nanukuu:

3 Juni saa 8 na dakika 10 mchana hadi 6 Juni saa 5 na dakika 40 asubuhi, taa nyekundu.
11 Juni saa 2 asubuhi hadi saa 11 na nusu jioni, umeme hakuna.
14 Juni saa 1 na dakika 20 usiku hadi 16 Juni saa 3 asubuhi, taa nyekundu hakuna lakini intaneti hakuna.
20, 21 na 22 Juni inakokota, fomu hazifunguki.
26 Juni saa 4 asubuhi hadi 28 Juni saa 10 na robo jioni, taa nyekundu.

Nikihesabu tarehe zilizoguswa napata siku 14. Bili yangu ni 4,000 kwa siku, kwa hiyo ni 56,000. Nimepiga kasta kea, wananiambia kwenye mfumo wao wanaona siku 2 tu, watanirudishia 8,000. Kati ya 56,000 na 8,000 kuna shimo kubwa mno. Nidai kiasi gani, na niwaonyeshe nini wanielewe? Bili inatakiwa ilipwe kabla ya tarehe 15.

MzeeWaMingoyo

Mwanangu, usihangaike na kasta kea. Nenda TCRA moja kwa moja. Sheria ipo, ukikosa huduma saa 24 lazima wakulipe fidia. Peleka daftari lako hilo, watabanwa.

BintiNewala

Pole dada. Mimi pia wameniibia, nilinunua GB 10 za wiki kwenye simu, siku ya nne zimeisha na sikuangalia hata video. Nimepiga simu wananiambia nimetumia mwenyewe. Nawe ukipata namba ya mtu anayesaidia nitumie.

FundiFaiba_Lindi

Dada MamaStesheni, pole kwa kazi. Nimefanya ufundi wa laini miaka kadhaa huku Lindi, sasa niko na mambo yangu, kwa hiyo naongea bila kumtetea mtu. Una jambo zuri mkononi ila limechanganyika. Nijibu mambo matatu kabla sijaweka hesabu.

Kwanza, kila ilipokata uliripoti saa ngapi na ulipewa namba ya tiketi? Pili, hizo tiketi zilifungwa lini? Huwa wanatuma meseji. Tatu, mkataba wako unasemaje kuhusu kukatika? Utafute ule ukurasa wa masharti, mara nyingi uko nyuma ya fomu uliyosaini, maandishi madogo.

Mzee wa Mingoyo, shikamoo. TCRA ni mahali sahihi lakini siyo mlango wa kwanza. Utaratibu wa malalamiko ni kuanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Akikujibu vibaya au asipokujibu ndipo unapeleka TCRA, na kule swali la kwanza ni hilo hilo, ulimwandikia lini na alikujibu nini. Kwenye saa 24 umechanganya na mikataba. Kampuni nyingi zimeandika kwenye masharti yao kwamba wanahesabu kuanzia saa 24 mfululizo, nyingine wameandika vingine. Ndiyo maana nauliza mkataba.

BintiNewala, lako la bando la simu ni jambo tofauti, pale hoja ni matumizi na siyo kukatika. Fungua uzi wako tutachangia.

MamaStesheni

Asante sana kaka. Nimekaa na simu na daftari, nimepata haya.

3 Juni niliripoti saa 9 na dakika 5 mchana, tiketi ninayo. Meseji ya kufungwa ilikuja 4 Juni saa 11 jioni. Lakini laini ilikuwa haijapona! Fundi alikuja, akapanda nguzo, akaondoka, taa ikabaki nyekundu. Nilipiga tena kesho yake nikaambiwa "tunalifanyia kazi".

14 Juni usiku sikuripoti, nilikuwa nimefunga duka. Niliona tu kwamba haifanyi kazi wakati natoka. Nikaripoti 15 Juni saa 2 na nusu asubuhi, tiketi ninayo, ikafungwa siku ilipopona.

26 Juni niliripoti saa 4 na dakika 40. Fundi akaja 27 saa 9 mchana, mimi nilikuwa msibani Mikindani, duka limefungwa. Hakupiga simu. Akarudi kesho yake saa 8 na nusu mchana, akamaliza saa 10 na robo.

Mkataba unasema mteja atapunguziwa bili kwa siku za kukosa huduma kuanzia wakati wa kutoa taarifa, kwa siku kamili za saa 24, isipokuwa hitilafu ikiwa ya umeme au vifaa vya mteja, matengenezo yaliyotangazwa, au nguvu iliyo nje ya uwezo wao. Na mteja aombe kwa maandishi ndani ya siku 30 baada ya bili.

FundiFaiba_Lindi

Sasa tunaongea. Nianze na ile 8,000 yao, maana ukijua imetoka wapi nusu ya kazi imekwisha.

Yule wa kasta kea hana kumbukumbu ya laini yako. Ana orodha ya tiketi, imefunguliwa lini, imefungwa lini. Tiketi ya kwanza imefunguliwa 3 Juni 15:05, imefungwa 4 Juni 17:00, hapo ni saa 25 na dakika 55. Ya pili 15 Juni 08:30 hadi 16 Juni 09:00, ni saa 24 na nusu. Ya tatu nadhani imewekwa alama kwamba mteja hakupatikana, na ikiwekwa hivyo mara nyingi haihesabiwi kabisa. Jumla ni saa 50 na dakika 25. Gawa kwa 24, siku kamili ni 2. Ndiyo 8,000 yako. Kwa hiyo hajakudanganya, amesoma kilichoandikwa mbele yake. Kilichoandikwa ndicho kibovu.

Siku zako 14 nazo hazitapita, nakuambia mapema. Umehesabu tarehe na wao wanahesabu saa. Tarehe 3 ulikuwa na huduma mpaka mchana, ukiihesabu nzima watatumia kosa hilo moja kulikataa daftari lote.

Toa tarehe 11. Umeme ulipokatika ruta yako ilizima, wao wakiangalia wanaona kifaa hakina nguvu na mkataba umelisema hilo. Ukiitoa wewe mwenyewe kwenye barua, ukaandika "sidai, ulikuwa umeme", watakuamini kwenye zile nyingine.

Toa pia 20 hadi 22. Kukokota siyo kukatika. Nitalirudia hili chini, maana lina njia yake.

Zinabaki tatu. Nazihesabu tangu ulipotoa taarifa, kama mkataba unavyotaka:

3 Juni 15:05 hadi 6 Juni 11:40, saa 68 na dakika 35.
15 Juni 08:30 hadi 16 Juni 09:00, saa 24 na dakika 30.
26 Juni 10:40 hadi 28 Juni 16:15, saa 53 na dakika 35.

Jumla saa 146 na dakika 40. Juni ina saa 720, kwa hiyo 120,000 gawa kwa 720 ni kama shilingi 167 kwa saa. Inakuja 24,444. Ukikata kwa siku kamili ni siku 6, yaani 24,000. Hapo ndipo pa kusimama.

Na andika saa kwa mtindo wa 14:10. Daftari lenye "saa 2 usiku" likifika kwa mtu anayejaza mfumo linaweza kuingia kama 02:00, ukapoteza saa 18 au ukaonekana mwongo.

Chuno_Kwetu

Fundi, hapo sijakubali. Tarehe 14 ilikata 19:20, yeye karipoti kesho yake 08:30. Hizo saa 13 na dakika 10 za usiku anawaachia kwa nini? Huduma haikuwepo, iwe ameripoti au hakuripoti. Ni zaidi ya 2,000 hizo.

FundiFaiba_Lindi

Chuno, kwa haki uko sawa. Kwa mkataba aliousaini hauko sawa, umeandikwa "kuanzia wakati wa kutoa taarifa". Anaweza kuziomba kama hisani kwenye aya ya mwisho ya barua, akizitenganisha na dai lenyewe. Mimi nisingezichanganya.

Chuno_Kwetu

Mkataba wameuandika wao. Mitambo yao inaona laini ikifa hata kama mteja amelala. Siyo haki mteja alale na simu mkononi anasubiri kuripoti.

FundiFaiba_Lindi

Sibishani nawe kwenye hilo. Ndiyo maana namwambia aliyebaki, ukiona imekata usiku tuma WhatsApp yao hapo hapo, hata kama hawajibu mpaka asubuhi. Muda wa ujumbe unabaki.

Kijana_Naliendele

Kwa nini mnateseka na daftari? Ruta ina kumbukumbu zake. Unafungua 192.168.1.1, unaingia, unatafuta System Log, unachapa yote, unawapa. Ushahidi wa mashine hauna ubishi.

FundiFaiba_Lindi

Kijana, wazo zuri ila kuna mitego miwili. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Zikiwaka wakati intaneti haipo hazina pa kuulizia muda, zinaanza kuandika 1970-01-01. Sasa umeme ulikatika, ukarudi, laini bado imekufa: kumbukumbu zote za kipindi unachokitaka zina mwaka 1970. Mtego wa pili, nyingine zinaandika kwa saa za UTC, ziko nyuma yetu kwa saa 3. Ukipeleka bila kurekebisha, saa za ruta na saa za tiketi hazikutani. Halafu ruta ikizimwa, nyingi zinafuta kila kitu.

Ipige picha skrini, ni nyongeza nzuri. Lakini usiifanye nguzo ya dai.

Nguzo iko kwao. Dada, sikiliza hapa kwa makini. Faiba za aina yako nyingi zinaingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri, kwenye ruta utaona pameandikwa PPPoE. Kila ruta yako inapoingia, mtambo wao unaandika saa ya kuingia, na inapotoka unaandika saa ya kutoka. Hiyo haiandikwi na fundi wala kasta kea, inajiandika. Tiketi ya kwanza ilifungwa 4 Juni 17:00. Kama kweli laini ilipona saa hiyo, lazima kuwe na kuingia kwa akaunti yako muda mfupi baadaye. Wakiangalia watakuta kimya mpaka 6 Juni 11:40. Hapo fundi wao aliyefunga tiketi hana pa kujificha.

Kwa hiyo kwenye barua usiombe "mniamini". Omba waangalie kumbukumbu za kuingia na kutoka za akaunti yako namba fulani, kuanzia 3 hadi 6 Juni, 14 hadi 16 na 26 hadi 28, wazilinganishe na jedwali lako. Mtu wa kasta kea haoni kumbukumbu hizo, atalazimika kulipandisha kwa watu wa mtandao. Unachotaka ni hicho.

MamaStesheni

Nimeelewa sana hapo kwenye kuingia na kutoka. Nina picha za taa nilipiga kwa simu, tarehe 4 usiku, 5 asubuhi, na 27. Zinasaidia? Niliwatumia kwa WhatsApp hawakusema kitu.

FundiFaiba_Lindi

Zinasaidia sana, hasa ya tarehe 4 usiku na ya 5, maana ni baada ya tiketi kufungwa. Ila ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na inapoteza taarifa ya saa iliyopigwa. Usifute za asili kwenye simu. Ziambatishe kwenye barua pepe, au kama ni WhatsApp zitume kama faili la waraka.

Na kwenye barua eleza taa ilivyokuwa kwa maneno. LOS inayowaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa: waya umekatika, umekunjwa au kiungio kimeharibika. Hilo ni la tarehe 3 na 26. Tarehe 14 ni tofauti: LOS imezima, PON kijani imetulia, taa ya Internet imezima. Mwanga unafika vizuri, ruta inabisha hodi na haifunguliwi. Kosa la namna hiyo kwa mteja ambaye hajagusa mipangilio na hadaiwi karibu kila mara liko upande wao.

Mkazi_Rasbura

Kuna neno kwenye mkataba naliogopa, hilo la nguvu iliyo nje ya uwezo. Mei 2024 huku Lindi tulipata yote kwa pamoja. Kimbunga Hidaya kimepita mwanzoni mwa mwezi, barabara imekatika Somanga, magari yamelala njiani. Haijapoa, tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kubembeleza. Niliomba nipunguziwe bili nikajibiwa ni janga, haimo. Sasa dada hawatamwambia hivyo hivyo?

FundiFaiba_Lindi

Wanaweza kujaribu, lakini mazingira hayafanani. Wakati ule wa nyaya za baharini laini zetu hazikufa. LOS imezima, PON kijani, ruta imeingia, ila njia ya kwenda nje imeziba. Kwenye kumbukumbu za kuingia na kutoka ungeonekana uko hewani saa zote, kwa hiyo hata ushahidi ninaomwambia dada autumie usingekusaidia. Ya dada ni waya wa mtaani. Nguzo ya Ligula ikipata tatizo Juni, wakati mvua zimekwisha, siyo janga.

Wakisema ni janga, waulize kwa maandishi tukio gani, tarehe gani, na mtaa mzima ulikatika au wewe peke yako. Jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo alikuwa na huduma?

MamaStesheni

Jirani yangu wa duka la dawa alikuwa nayo tarehe 3 hadi 6. Ya 26 naye ilikata.

FundiFaiba_Lindi

Liandike. La kwanza ni waya wako au kisanduku chako, la 26 ni pana zaidi. Na hilo la 26 linakusaidia kwenye jambo la msibani. Watataka kuondoa muda tangu fundi alipokuta pamefungwa 27 Juni 15:00 mpaka aliporudi 28 Juni 14:30, saa 23 na nusu. Kama jirani naye alikuwa hana, basi kosa halikuwa ndani ya duka lako na fundi hakuhitaji ufunguo wako kulirekebisha. Na hakupiga simu. Sema yote mawili. Lakini jiandae, kwenye hilo wengi hawalegezi.

Chuno_Kwetu

Na biashara aliyopoteza? Wateja wamekwenda kwa mwingine wiki nzima. Adai na hiyo.

FundiFaiba_Lindi

Asiiweke kwenye barua hii. Masharti mengi yanakataa hasara ya biashara waziwazi, na ikiwa ndani ya barua moja inapelekwa kwa wanasheria, na ile 24,000 isiyo na ubishi inakaa kusubiri pamoja nayo. Apate kwanza hiki.

Kingine, bili. Dada usikatae kulipa bili nzima. Tarehe 15 ikipita watakukatia, na siku za kukatiwa kwa deni hakuna anayezirudisha. Lipa 96,000, uwaambie kwa maandishi kabla ya tarehe kwamba 24,000 iko kwenye ubishi, uombe wasikukatie. Wakigoma, lipa yote, dai linabaki pale pale na wataliweka kwenye bili ya mwezi ujao. Barua yenyewe iwe fupi hivi:

"Akaunti namba ..., bili ya Juni, 120,000. Naomba kupunguziwa bili kwa kukosa huduma kwa mujibu wa kifungu ... cha mkataba. Nimekosa huduma mara 3 kama jedwali linavyoonyesha, jumla saa 146 na dakika 40 tangu nilipotoa taarifa, sawa na siku kamili 6, shilingi 24,000. Tarehe 11 Juni (umeme) na 20 hadi 22 Juni (kasi ndogo) sizidai hapa. Tiketi ... ilifungwa 4 Juni 17:00 huduma ikiwa haijarudi. Naomba mlinganishe jedwali na kumbukumbu za kuingia na kutoka za akaunti yangu, na mnijibu kwa maandishi mkieleza saa mlizokubali na mlizokataa."

Hilo la mwisho usiliache. Ukienda TCRA, au ukiomba msaada kwa baraza la watumiaji, TCRA CCC, karatasi yenye saa zilizokataliwa na sababu zake ndiyo unayoishika.

Mchinga_Moja

Fundi, mimi ni wa kulipia kabla, 55,000 kwa mwezi, sina bili. Mimi nadai nini?

FundiFaiba_Lindi

Siku. Umeshalipa, hakuna bili ya kupunguza, kwa hiyo unaomba tarehe ya mwisho ya kifurushi isogezwe. Angalizo: omba kabla kifurushi hakijaisha. Kikiisha ukanunua kingine, nimeona mara nyingi mfumo ukishindwa kuzirudisha siku za kifurushi kilichopita, na mazungumzo yanaanza upya.

Kijana_Naliendele

Nimekubali ya ruta. Lakini dada ana kompyuta dukani, ya Windows. Aweke hii iandike yenyewe kila dakika, mwezi ujao asihangaike na kalamu. Atengeneze kwanza folda C:\kumbukumbu, kisha aibandike kwenye PowerShell:

```
while ($true) {
  $t = Get-Date -Format "yyyy-MM-dd HH:mm:ss"
  $a = Test-Connection 192.168.1.1 -Count 1 -Quiet
  $b = Test-Connection 8.8.8.8 -Count 1 -Quiet
  $c = Test-Connection 1.1.1.1 -Count 1 -Quiet
  "$t,$a,$b,$c" | Add-Content C:\kumbukumbu\mtandao.csv
  Start-Sleep 60
}
```

Ya kwanza ni ruta yako, mbili zinazofuata ni za nje. Kama ruta yako inatumia 192.168.100.1 ubadilishe. Na kompyuta iunganishwe kwa waya, wifi ikiyumba itaonekana kama laini imekufa.

FundiFaiba_Lindi

Hii safi sana. Kusoma: True,False,False ndiyo kukatika unakokudai. False zote tatu ni ruta imezima au waya wa kompyuta umechomoka, hiyo siyo yao. True,True,False ni anwani moja ya nje ina shida, achana nayo. Na pale ambapo mistari haipo kabisa, kompyuta ilikuwa imezima au imelala. Usijaze pengo hilo kwa kudhani. Daftari liendelee, maana mashine haijui namba ya tiketi wala fundi alikuja saa ngapi.

Nilisema nitarudi kwenye kukokota. Ikikokota tena kama siku zile tatu, kwenye ukurasa wa ruta tafuta palipoandikwa Rx Power, yaani nguvu ya mwanga unaofika kwenye kifaa. Namba ikiwa kati ya -15 na -25 laini yako nzuri, msongamano uko mbele. Ikishuka chini ya -27 dBm laini inaelekea kufa, na unaweza kuripoti kama hitilafu ukapewa tiketi. Bila tiketi kukokota hakuna kitu cha kuhesabu.

MamaStesheni

Nimeangalia sasa hivi, imeandikwa -26.4. Barua nimeituma leo kwa barua pepe na nakala nimepeleka ofisini kwao nikagongewa muhuri. Nitaleta majibu.

MamaStesheni

Nimerudi wakuu. Wamejibu kwa maandishi. Kwenye tiketi ya kwanza wameandika kwamba "baada ya kupitia kumbukumbu za mtandao" wamekubali mpaka 6 Juni 11:40. Saa 68 na dakika 35 zote. Ya pili wamekubali. Ya tatu wameondoa zile saa 23 na nusu kama Fundi alivyosema. Jumla yao saa 123 na dakika 10, siku kamili 5, 20,000. Krediti noti imetoka na kwenye bili ya Julai inaonekana imepungua.

Hoja ya jirani hawakuigusa kabisa. Zile saa za usiku wa 14 wamesema hapana. Nimewaandikia tena juu ya saa 23 na nusu, nimeomba waseme hitilafu ilikuwa wapi, dukani kwangu au nje.

Chuno_Kwetu

Usiache dada. Zikirudi hizo unafika saa 146 na dakika 40, siku ya 6 inatimia.

MzeeWaMingoyo

Hongera mwanangu. Fundi, hiyo -26.4 yake ni nzuri au mbaya? Umesema 25 na umesema 27.

FundiFaiba_Lindi

Iko pembeni, mzee. Inafanya kazi ila haina akiba, kiungio kikilegea kidogo tu LOS inawaka tena. Dada, fungua tiketi leo ya kusafishwa na kuungwa upya kwenye kisanduku cha nguzo, ukitaja hiyo namba. Akimaliza iangalie tena kabla hajashuka kwenye ngazi, na kama haijapanda usikubali meseji ya kufunga, ijibu hapo hapo kwamba bado.

MamaStesheni

Nimefungua. Namba ya tiketi nimeiandika, 09:20.